TAHADHARI: "Tiba" ya nyufa kwa saruji na wavu kwenye udongo unaovimba

Kama nyumba yako imekaa juu ya udongo mweusi wa mfinyanzi, ule unaonata kwenye viatu wakati wa mvua na kupasuka mianya mipana wakati wa kiangazi, kuwa macho na huduma hii. Fundi anakuja, anachimbua ufa wa ukutani, anagongomea wavu wa chuma, anakandika saruji na mchanga kwa uwiano wa 1:3, anapaka rangi, kisha anakupa dhamana ya miezi sita. Kazi huonekana safi, lakini haigusi kinachopasua ukuta, na mara nyingi huzidisha uharibifu.

Ujanja wenyewe uko kwenye majira. Udongo ulio chini ya katikati ya nyumba umefunikwa na sakafu, kwa hiyo unyevu wake haubadiliki sana. Ule wa pembezoni hukauka kiangazi na kulowa masika. Ukikauka hunywea, kona ya nyumba hushuka, na ufa wa mshazari hutokea kwenye pembe ya dirisha au mlango, mpana juu kuliko chini. Mvua zikirudi, udongo huvimba, kona huinuka na ufa hujibana wenyewe. Fundi anayeziba mvua zikiwa zimeshaanza hupata sifa ya kazi ambayo udongo ungeifanya hata asipokuja, na dhamana yake huisha kabla kiangazi kijacho hakijakolea.

Tuchukue ufa wenye upana wa milimita 8 mwishoni mwa kiangazi, ambao masika hubana hadi 2. Ukijazwa saruji ukiwa kwenye 8, zile milimita 6 za kujibana hazina pa kwenda. Kona inasukumwa juu na ukuta unakataa: lipu inatoa kifua na kumeguka, au ufa mpya unafunguka pembeni ya ule wa zamani. Kiangazi kikirudi kona inashuka tena, na sasa una nyufa mbili. Ukirudia hivyo kila mwaka, ukuta unasogea nje kidogo kidogo bila kurudi.

Kuna pia wanaouza chokaa ya kumwaga kwenye mtaro kando ya msingi, eti itapenya na kutuliza udongo. Chokaa hufanya kazi kweli, lakini pale inapochanganywa na udongo uliovunjwavunjwa, kwa kawaida asilimia 4 hadi 6 ya uzito wa udongo mkavu, kisha ukashindiliwa. Mfinyanzi hupitisha maji polepole mno, hivyo chokaa iliyomwagwa hubaki pale pale mtaroni.

Fundi anayeijua kazi huanza kwa kupima. Anapigilia misumari miwili, mmoja kila upande wa ufa, na kuandika umbali kati yake kila mwezi, kiangazi na masika. Ufa unaopanuka na kubana kwa majira unaelekeza kwenye udongo. Anachimba pia hadi usawa wa msingi na kuchukua udongo, anaukausha, anauponda na kuuchekecha kwenye chekeche laini. Mililita 10 za unga huo anazimwaga taratibu kwenye silinda ya kupimia yenye maji, kisha anasubiri saa 24. Ukitulia kwenye mililita 20 au zaidi, umevimba kwa asilimia 100: huo ni udongo wa hatari. Ukiwa chini ya 15, atafute kwanza sababu nyingine.

Baada ya hapo kazi ni kuzuia unyevu usibadilike, na hapa ndipo pesa yako inapofaa kwenda. Maji ya paa yakusanywe na kupelekwa mbali na msingi. Mabomba na chemba zinazovuja zirekebishwe. Nyumba izungushiwe zege la pembeni, upana wa mita 1.5 hadi 2, likiinamia nje, lisifungwe na ukuta bali liachwe na ungio linalonyumbulika. Mti mkubwa ulio karibu hunyonya maji mengi, lakini kama ulikuwepo kabla ya nyumba usiukate bila kumuuliza mhandisi: udongo ulioukausha utalowa upya na kuinua msingi.

Kona ikiendelea kucheza hata baada ya hayo, mhandisi ndiye aamue kuhusu kuushusha msingi hadi kina ambacho majira hayafiki. Ni kazi ghali, na huchimbwa vipande vifupi kwa zamu. Anayetaka kufukua upande mzima kwa mara moja anaweza kuangusha ukuta. Kuziba ufa ni hatua ya mwisho, vipimo vikishatulia, na kwa kijazio kinachonyumbulika.

Kwenye mkataba, zuia sehemu ya malipo hadi kiangazi kizima na masika nzima vipite, na malipo hayo yafungwe na vipimo vya ile misumari. Rangi safi isiwe kigezo. Fundi wa saruji na wavu hukataa sharti hilo papo hapo.