Gemu haina apskela? Angalia herufi kwanza kabla hujalipia chochote

Wiki hii meseji nyingi ni malalamiko yale yale: mtu kanunua apu ya apskeli, yaani ya kukuza picha ya rezolusheni ya chini ijae skrini, FPS zimepanda kweli, lakini akifungua begi kwenye Elden Ring maelezo ya vitu yanamuumiza macho. Sasa wengi huwa wanauliza tu imeongeza FPS ngapi, wakati hizi zote zinaongeza, tena karibu sawa, kwa sababu kinachoongeza ni wewe kushusha rezolusheni. Mimi naziangalia kwa herufi.

Iko hivi. Gemu yenye apskela yake ndani inakuza picha ya dunia kwanza, halafu ndo inachora maandishi, ramani na bar ya damu juu yake kwa rezolusheni kamili ya skrini. Ila apskela ya draiva au ya apu ya nje inapokea fremu ikiwa imeshaiva, kila kitu kimeshachanganyika, haijui hili ni jani na ile ni herufi, haijui kitu kinasogea kuelekea wapi, na fremu zilizopita haizitumii. Kwa hiyo inakuza vyote kwa pamoja halafu inavikoleza kingo, na herufi nyeupe inatoka na kivuli pembeni kama imechorwa mara mbili, r na n zikikaa jirani unasoma m. Majani na nyaya za mbali nazo zinametameta ukitembea. Hakuna hata moja kati ya apskela hizi za nje inayoondoa hilo, zinatofautiana tu inakuachia nafasi gani ya kulipunguza.

Namba moja kwangu ni Lossless Scaling na sifichi, naipenda. Karibu dola 7 kwenye Steam, unalipa mara moja, haijali kadi yako ni ya kampuni gani maana inalichukua dirisha la gemu na kulikuza lijae skrini. Chukua Elden Ring, haina DLSS ya NVIDIA wala FSR ya AMD ndani yake, kwenye laptopu ya GTX 1650 na skrini ya 1080p. Weka gemu Windowed, 1600x900, kwenye apu chagua njia ya kukuza, LS1 au FSR ya humo humo, ukolezaji uweke chini kabisa, rudi kwenye gemu ubonyeze Ctrl+Alt+S. Hapo kadi inachora kama asilimia 69 tu ya pikseli na maandishi bado yanasomeka. Ukishuka hadi 1280x720 ni asilimia 44, FPS zitapendeza ila maelezo ya vitu utayasoma kwa kukisia. Gharama yake ni kwamba inaongeza kuchelewa kidogo kati ya kidole na skrini, kwa gemu za kulenga risasi utausikia.

Ya pili Radeon Super Resolution, ipo kwenye draiva ya AMD tangu Machi 2022, kuanzia RX 5000. Msingi wake ni FSR 1, unaweka gemu fullscreen kwa rezolusheni ya chini na yenyewe inamalizia.

Ya tatu NVIDIA Image Scaling, nayo ya bure, ila kwenye laptopu zenye kadi mbili usiiamini mpaka uwashe Overlay indicator. Maandishi ya NIS kwenye kona yakiwa ya kijani inakuza, yakiwa ya bluu inakoleza tu, na wengi wanaoisifia wako kwenye bluu. Magpie pia ya bure, inafanya kazi.

Kabla ya yote hayo, shusha gemu hadi 720p bila apskela yoyote. FPS zisipopanda, mara nyingi tatizo ni prosesa na hakuna apskela itakayokusaidia. Halafu tafuta kwenye menyu Resolution Scale, gemu ikiwa nayo tumia hiyo, maana mara nyingi inashusha dunia tu na maandishi yanabaki makali.

Kinachonikera ni wauzaji wa laptopu wanaowasha apskeli dukani, wanakuonyesha namba ya FPS kwenye kona na mandhari ya mbali, mteja anaondoka akiamini kadi ina nguvu, kumbe gemu iko 720p. Mwambie afungue menyu ya gemu yenyewe usome rezolusheni, akianza kuzungusha maneno ondoka. Na hawa wanaouza Lossless Scaling ya kukrakiwa kwenye magrupu kwa elfu tano, wanakuuzia faili usilojua limebeba nini, tena bila apdeti, wakati Steam inakurudishia hela ndani ya siku 14 kama hujaitumia zaidi ya saa 2. Saa mbili zinatosha kabisa kufungua begi na kusoma.