Vifaa vya kurekodi video kwa simu: kipi ununue kwanza, kipi kisubiri

Mtu akitaka video iliyotulia, swali lake la kwanza huwa ni gimbali, kile kishikio chenye motaa kinachotuliza simu. Mimi naiweka ya mwisho. Klipu nyingi mbovu ninazoletewa kuhariri zimeharibiwa na lenzi yenye mafuta au shata, yaani muda ambao kamera hupokea mwanga kwa kila fremu, iliyoachwa ijipangie yenyewe, na gimbali haitibu lolote kati ya hayo mawili.

1. Kitambaa cha maikrofaiba

Lenzi ya simu hushikwa na vidole siku nzima. Dalili ya uchafu ni hii: taa ikiingia kwenye fremu inatoa mstari mrefu wa mwanga, na sehemu nyeusi zinageuka kijivu kama zimefunikwa na ukungu. Kwenye kuhariri, mstari ule hautoki. Puliza vumbi kwanza, pumulia lenzi kidogo, ndipo ufute taratibu. Pindo la shati liache. Chembe ya mchanga ikiwa imenasa humo, utakwaruza badala ya kusafisha.

2. Stendi ya miguu mitatu

Kwa mahojiano na mafunzo ya mezani hakuna kinachoishinda. Kagua zaidi kishikio kuliko miguu: kiwe cha kukaza kwa skrubu, na kiipokee simu ikiwa na kava lake. Ukishaifunga simu, zima kitulizaji cha video ndani ya kamera. Kikibaki kimewashwa, ukigeuza stendi polepole kinajaribu kuizuia picha isisogee, kisha kinaiachia ghafla, na picha inaruka.

3. Kichujio cha ND

Hiki ni kioo cheusi kinachowekwa mbele ya lenzi kupunguza mwanga. Wengi hawakijui, na ndicho kinachobadilisha sura ya video za nje. Chukua mfano wa jua la mchana. Unarekodi fremu 25 kwa sekunde, na unataka shata ya 1/50 ya sekunde ili mwendo wa mtu uonekane laini. Tundu la lenzi la simu nyingi halibadiliki, lipo karibu na f/1.8, na ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, umeshaishusha hadi 50. Bado picha inaungua, nyeupe tupu. Ukiiachia simu ijiamulie, itaikimbiza shata hadi karibu 1/3200; kila fremu inakuwa kali kama picha mnato, na anayetembea anaonekana kama anadundadunda.

Hesabu sasa: kutoka 1/50 nenda 1/100, 1/200, 1/400, 1/800, 1/1600, 1/3200. Mwanga umepunguzwa nusu mara sita, yaani mara 64. Kwa hiyo unahitaji ND64, inayopunguza mwanga mara 64. Mawingu yakitanda, ND8 au ND16 hutosha. Ndani ya nyumba kivue, ila 1/50 ibaki ikiwa umeme wa hapo ni wa hezi 50, la sivyo michirizi ya taa inaweza kupita kwenye picha. Penye hezi 60, tumia fremu 30 na 1/60.

Utahitaji programu inayofunga shata na ISO. Blackmagic Camera ni ya bure. Funga pia lenzi moja, kwa sababu simu ikihamia lenzi nyingine yenyewe, kichujio kinabaki kimefunika ile isiyotumika. Vichujio vya kuzungusha ni rahisi kutumia, lakini vikizungushwa hadi mwisho huweza kutia kivuli chenye umbo la X.

4. Hifadhi ya ziada

Kabla ya kuinunua, angalia unarekodi kwa ukubwa gani. Klipu ya 4K yenye megabiti 48 kwa sekunde inakula megabaiti 360 kila dakika. Ya 1080p yenye megabiti 16 inakula 120. Video itakayotazamwa kwenye simu tu, 1080p inatosha. Mimi huchagua 4K pale ninapojua nitakata fremu baadaye: kutoka 3840×2160 unaweza kuchukua kipande cha robo ya fremu na bado kikawa 1920×1080 kamili.

5. Gimbali

Inunue ikiwa kazi yako ni kumfuata mtu anayetembea. Motaa zake tatu hutuliza mizunguko ya mkono, si kupanda na kushuka kwa hatua, kwa hiyo bado utakunja magoti kidogo. Usiku ndipo inapozidi kitulizaji cha ndani ya simu: kile husogeza fremu baada ya kunaswa, lakini hakiwezi kuondoa ukungu uliokwisha kuingia wakati shata iko wazi, na ndiyo maana picha inatulia huku ukali wake ukipotea na kurudi kila mguu unapokanyaga.

Ukienda kuijaribu, beba simu yako ikiwa na kava na kichujio. Ifunge, isawazishe gimbali ikiwa imezimwa, kisha uiachie. Simu ikilala upande mmoja hata baada ya kuisogeza kwenye kishikio, motaa zitafanya kazi ya kuinyanyua muda wote na betri itaisha mapema.