Picha za meza za sokoni: kutoa alama au kushindanisha mbilimbili?

Una picha 6 za meza ileile, bidhaa zilezile, ila zimepangwa kwa namna 6. Ipi itavuta wateja?

Njia ya alama, 1 hadi 5, ni ya haraka: picha 6, majibu 6. Tatizo ni kwamba watu hukimbilia 3 na 4, picha nne zinafungana, na "4" ya mkarimu si "4" ya mchoyo. Kushindanisha mbilimbili huvunja sare hizo, maana mtu anaulizwa tu, "Ungeanza kusimama meza ipi?" Lakini picha 6 zinazaa jozi 15, na picha 20 zinazaa 190. Hapo hakuna mtu atakayemaliza kwa makini. Dalili moja inayoweza kuonyesha uchovu ni mzunguko: A imeishinda B, B imeishinda C, kisha C inaishinda A.

Kwa picha nyingi, ningechuja kwa alama, kisha nne za juu zishindane, jozi 6 tu. Kwa picha chache, jozi moja kwa moja.

Kujua kama bei inaonekana kwenye picha, njia zote mbili hazinisaidii sana. Watu husema kibao cha bei "kinaonekana" kwa sababu wameikodolea picha macho. Mwonyeshe mtu picha ndogo kwa sekunde mbili, ifiche, muulize bei. Ama anaitaja, ama haitaji.

Na picha zote zipigwe kwa umbali uleule, saa ileile. La sivyo mwanga ndio unaoshinda, si mpangilio.