Viatu vya shule kwa mtoto mwenye nyayo bapa: bonyeza nyuma kabla ya kulipa

Kiatu kilichonifanya niandike haya kilidumu wiki sita. Kilikuwa cheusi, cha ngozi, kimeshonwa vizuri, na nilikipima kwa vidole mpaka nikaridhika. Wiki ya sita nikakiweka mezani nikakitazama kwa nyuma. Ukuta wa kisigino ulikuwa umelala upande wa ndani kama mlango uliolegea bawaba. Soli bado nzima, ngozi bado inang'aa, lakini kiatu kimekwisha.

Kijana wangu ana miaka minane na nyayo zake ni bapa. Akisimama, upinde wa wayo unalala wote sakafuni na vifundo vinaegemea ndani. Uzito huo unaukandamiza ukuta wa kiatu kila hatua, siku nzima. Nilikuwa nimekagua kila kitu isipokuwa ukuta wenyewe.

Nikarudi dukani kulalamika. Muuzaji hakukitazama hata kiatu. "Mama, huyu anahitaji soli za kuinua upinde, la sivyo miguu itaharibika," akaniambia, huku ameshaishika pakiti mkononi. Bei yake ilikaribia ya kiatu chenyewe. Nilikasirika, kwa sababu mtoto hakuvuliwa hata soksi.

Kama angevuliwa, kipimo ni rahisi na unaweza kukifanya nyumbani. Mtoto asimame peku, umpe mgongo wa kiti ashike, kisha achuchumie, yaani ainue visigino asimame kwa ncha za vidole. Kaa nyuma yake uangalie. Upinde ukijitokeza anapochuchumia, na visigino vikageukia ndani kidogo, wayo wake ni bapa lakini ni laini, unafanya kazi. Watoto wengi wadogo wako hivyo, na upinde huendelea kujijenga mpaka karibu na miaka kumi. Wengine hubaki bapa maisha yao yote na wanakimbia bila shida.

Kwa wayo wa namna hiyo usiouma, soli za upinde hazihitajiki. Hazijengi upinde. Mwaka 1989 madaktari wa mifupa wa Marekani walichapisha matokeo ya kuwafuatilia kwa miaka 3 watoto wadogo wenye nyayo bapa laini: baadhi walivaa viatu vya kurekebisha au soli maalumu, wengine wakaachwa bila tiba yoyote. Nyayo zilipata nafuu katika makundi yote, na waliotibiwa hawakuwazidi wenzao.

Mambo hubadilika kukiwa na maumivu. Mtoto anayelalamika wayo au shavu la mguu baada ya kutembea, anayeomba kubebwa wakati wenzake bado wanacheza, anaweza kupata nafuu kwa soli hizo. Lakini nafuu ni ya maumivu tu, umbo la wayo halibadiliki. Anza na laini. Ngumu yenye nundu kubwa inaweza kumuumiza mtoto ambaye kano ya nyuma ya kisigino chake imekaza, kwa kuwa wayo unabanwa kati ya kano inayovuta na nundu inayosukuma. Na upinde usipojitokeza kabisa anapochuchumia, au ukiwa mguu mmoja tu, au akichechemea, acha habari za duka umpeleke kwa daktari. Wakati mwingine mifupa miwili ya wayo imeungana, na hilo halitibiwi kwa pakiti.

Sasa ule ukuta. Shika kiatu, weka kidole gumba nyuma ya kisigino na ubonyeze kwa nguvu, kisha ubonyeze upande wa ndani. Ukiingia kama kopo la plastiki, rudisha kwenye rafu. Ndani ya ngozi panatakiwa kuwa na kipande kigumu kinachokumbatia kisigino. Baada ya hapo weka viatu vyote viwili juu ya kaunta, inama mpaka macho yako yawe usawa wake, uvitazame kwa nyuma. Utashangaa ni viatu vingapi vipya ambavyo vimegundishwa kwenye soli vikiwa vimeshapinda. Muuzaji atakuona mgonjwa. Mwache. Ukuta mgumu nao hautibu wayo bapa, ila unakifanya kiatu kisilale mapema na kumsukuma mtoto ndani zaidi.

Kingine ni kupima. Wayo bapa laini hurefuka ukibeba uzito, kwa hiyo kumpima mtoto akiwa ameketi ni kujidanganya. Wangu akiketi ana sentimita 19.9, akisimama 20.5. Niliongeza 1.2 za kukua na kusogea, nikapata 21.7. Namba za Ulaya huhesabiwa kwa kuzidisha urefu wa ndani mara moja na nusu, nayo ni 32.55, basi tunachukua 33. Hata hivyo usiiamini namba iliyochapwa. Kata kipande cha boksi chenye urefu wa sentimita 21.7 uende nacho, ukiingize ndani ya kiatu. Kikijikunja, kiatu ni kifupi, hata kama kimeandikwa 34.

Na sasa nipange ninavyoviona mimi.

Cha kwanza ni Clarks, na sioni haya kusema nawapendelea. Viatu vyao vingi vya watoto hutengenezwa kwa upana tofauti, ukiandikwa kwa herufi: F ni wa kawaida, G mpana, H mpana zaidi. Wayo bapa huwa mpana katikati, na mzazi asiyepata upana huishia kununua urefu. Matokeo yake kisigino kinachezacheza na mtoto anapata malengelenge. Wangu alitoka kwenye namba 34 nyembamba akaingia 33 ya G, na tatizo likaisha. Chagua yenye kamba au velkro, na bado ubonyeze nyuma. Jina halibonyezwi.

Cha pili ni raba nyeusi za ngozi za kukimbilia, kama shule inaziruhusu. Nyuma zake mara nyingi ni ngumu, na soli ya ndani hutoka. Hiyo ni faida kubwa ukija kuhitaji soli ya upinde: unatoa ya kiwandani, unaweka yako. Ukizipandanisha zote mbili, kisigino kinapanda juu na kuchomoka.

Cha tatu ni kiatu cha kushonesha kwa fundi, kwa mtoto mwenye wayo mpana kupita vya dukani. Mwambie fundi aweke kipande kigumu nyuma, na umwone akikiweka kabla hajafunika kwa bitana.

Raba za turubai na vile vya kutumbukiza mguu bila kamba ni bei nafuu. Havishiki kitu. Vya kubadilishia tu.

Mwisho kabisa naweka vile vinavyouzwa kama viatu vya tiba, ingawa ndivyo ghali kuliko vyote. Nimeviona vya bei mara tatu ya vingine, vina nundu iliyogundishwa ndani isiyotoka, imewekwa mahali ambapo mwenye kiwanda alidhani upinde wa kila mtoto upo. Kwa wangu iliangukia mbele ya upinde, karibu na vidole. Nilipomwonyesha muuzaji, akasema atazoea. Nikambonyezea nyuma ya kiatu kile kwa kidole gumba, kikaingia ndani chote.