Nywele haba au nywele nyembamba: mwongozo wa kuchagua rasta, wigi na nywele nyingine za kuongezea

Anayeingia duka la vipodozi kununua nywele za kuongezea kwa kawaida huulizwa urefu, rangi na idadi ya pakiti. Swali ambalo lingemwokolea fedha na nywele zake haliulizwi: je, kichwa chake kina nywele chache, au kina nywele nyingi ambazo kila mmoja wake ni mwembamba? Hali hizi mbili hufanana sana kwenye kioo, kwa kuwa zote huzifanya nywele zionekane hazikujaa, lakini mahitaji yake yanatofautiana kiasi kwamba bidhaa inayofaa zaidi kwa hali moja inaweza kuwa ya mwisho kwa nyingine. Mwongozo huu unahusu nywele za kipilipili, ziwe za asili au zilizowekwa dawa.

Watu wengi hujipima kwa kufunga nywele nyuma kwa mpira na kutazama unene wa fungu. Kipimo hicho kinachanganya mambo mawili, kwa sababu fungu dogo linaweza kutokana na uchache wa nywele au na wembamba wake. Unywele wa binadamu huwa na unene wa takriban maikromita 50 hadi 100. Ukiukata unywele wa maikromita 80 na ule wa maikromita 50, uso wa mkato wa kwanza ni zaidi ya mara mbili na nusu ya ule wa pili, na hivyo nywele 100 nene hujaza fungu sawasawa na nywele zipatazo 250 nyembamba. Zaidi ya hayo, kipilipili hujikunja na kujificha, kwa hiyo ukubwa wa fungu hubadilika kulingana na namna nywele zilivyonyooshwa siku hiyo.

Ni afadhali kupima kila jambo peke yake. Kwa unene, chukua nywele kadhaa zilizodondoka zenyewe wakati wa kuchana, kutoka mbele, utosini na kisogoni, kwa sababu nywele za pembeni mwa paji karibu kila mara ni nyembamba kuliko za nyuma, na ukipima za mbele tu utadanganyika. Zilaze kwenye karatasi nyeupe. Kisha usugue mmoja mmoja kati ya kidole gumba na cha shahada: unywele mnene unausikia wazi na unakwaruza kidogo, ilhali mwembamba karibu huusikii, na kwenye karatasi unaonekana hafifu hata kama rangi yake ni nyeusi.

Kwa wingi, osha nywele, usipake mafuta wala jeli, ziache zikauke zenyewe bila kuzigawa, kisha zitazame kwenye mwanga wa dirishani. Mafuta yanazigandisha nywele katika vifungu, na ngozi ikajitokeza hata kwa mtu mwenye nywele tele. Ikiwa ngozi ya kichwa inaonekana kabla hujagawa popote, nywele ni haba. Ikiwa haionekani, gawa mstari mmoja kwa ncha ya chanuo katikati ya kichwa na mwingine kisogoni. Mstari mwembamba unaojifunika ukiuachia ni dalili ya nywele nyingi. Ulio mpana na unaobaki wazi ni dalili ya uchache. Iwapo mstari wa utosini ni mpana zaidi kuliko wa kisogoni, huo si umbile la kuzaliwa tu, na nitaurudia hapo chini.

Kipimo cha wingi kisifanywe miezi michache baada ya kujifungua. Nywele nyingi hudondoka kwa pamoja kuanzia takriban mwezi wa pili hadi wa nne, na kwa wengi hurejea ndani ya mwaka. Kununua wigi ya gharama kubwa kwa ajili ya hali ya muda ni kupoteza fedha.

Ikiwa nywele ni nyingi lakini nyembamba

Hapa tatizo ni uzito na mvuto, si kufunika ngozi. Ngozi imekwisha kufunikwa. Kinachokosekana ni nguvu ya unywele mmoja mmoja. Kipilipili tayari kina sehemu dhaifu katika kila kona inapojipinda, na unywele mwembamba una nyama kidogo zaidi ya kuhimili mvuto hapo.

Kwa hiyo nafasi ya kwanza naipa bidhaa ya bei ndogo kuliko zote dukani, yaani uzi wa kusukia. Nywele zikizungushiwa uzi hunyooka bila moto, hazibebi mzigo wowote wa ziada, na wingi wake hufanya mtindo uonekane umejaa. Nasikitika kuona ususi huu ukiachiwa watoto na wazee, kwa sababu hakuna unaozifaa zaidi nywele za aina hii, mradi uzi usikazwe kwenye shina.

Nafasi ya pili ni rasta zisizo na fundo, ambazo msusi huanza na nywele zako mwenyewe na kuongeza nyuzi bandia kidogo kidogo kadiri anavyoshuka. Rasta za fundo huweka uzito wote kwenye shina tangu siku ya kwanza. Tuchukue mfano wa mteja anayetaka rasta za kufika kiunoni na anayeuziwa pakiti 6 za gramu 80. Jumla yake ni gramu 480, karibu nusu kilo kichwani, na zikigawanywa katika misuko 60 kila msuko unabeba gramu 8. Akiosha kichwa, maji yanayoshikwa katikati ya nyuzi yanaongeza mzigo. Mteja huyo huyo akikubali urefu wa mabegani, pakiti 3 zinatosha, na kila msuko unabeba gramu 4. Idadi ya misuko haijabadilika, mgawo wa kichwa haujabadilika, lakini shina limepunguziwa nusu ya mzigo. Dalili kwamba mzigo ulizidi huonekana baada ya wiki chache: misuko inaanza kuning'inia kwenye nywele chache zilizonyooka, na ukifumua unakuta vipande vifupi vilivyokatika, si nywele ndefu zenye kiini cheupe kwenye mzizi, ambazo ni mdondoko wa kawaida uliokusanyika.

Wigi inafuata, ikiwa ni ya kufungwa kwa ukanda wa lastiki unaorekebishika na ikiwa ndani yake unavaa kofia laini ya satini. Wiving ya kushonwa naiweka chini, kwa sababu mistari inayobeba nyuzi zote za kushonea ni michache na mzigo unarundikana humo. Wiving ya gundi haistahili nafasi yoyote kwa nywele nyembamba, kwani wakati wa kubandua gundi huondoka na nywele.

Ikiwa nywele ni haba lakini nene

Mpangilio unabadilika, kwa kuwa kila unywele unaweza kuhimili zaidi, na kazi iliyobaki ni kuficha ngozi kati ya nywele na nywele. Uzi, ulioshika nafasi ya kwanza juu, hapa unashuka hadi mwisho: mafungu yake yanaacha njia pana zinazong'aa.

Nafasi ya kwanza ni nywele za kuchomeka kwa sindano ya krosheti. Msusi anasuka mistari ya kawaida ya nywele zako, kisha anachomeka mafungu madogo juu yake, na nywele zilizochomekwa ndizo zinazofunika mistari yote. Hapa ununue nyuzi za mawimbi au za kujikunja, ambazo hutanuka na kufunika kwa uzito mdogo. Zilizonyooka hulala na kuacha mistari wazi, na mteja hulazimika kuongeza pakiti.

Rasta zinashika nafasi ya pili kwa sharti moja la kumweleza msusi mapema: migawo iwe midogo na ipangwe kama matofali ya ukutani, ili njia ya mstari mmoja izibwe na msuko wa mstari unaofuata. Migawo mikubwa ya miraba iliyonyooka ndiyo inayomfanya mtu mwenye nywele haba aonekane ana mapengo, hata kama msusi ni hodari. Rangi ya nyuzi iwe karibu na rangi ya nywele zako.

Wigi ingeweza kuwa ya kwanza kwa kufunika, lakini naiweka ya tatu kwa sababu wengi huishia kununua yenye lesi mbele na kuibandika kwa gundi, na nywele za pembeni mwa paji ndizo chache zaidi tangu mwanzo. Ukiivaa bila gundi, ipandishe nafasi moja.

Mwenye nywele haba na nyembamba kwa pamoja ana chaguo moja ambalo naweza kulipendekeza kwa moyo wote, nalo ni wigi nyepesi isiyo na gundi, inayovuliwa kila usiku.

Mafuta na dawa za dukani

Hakuna mafuta ya kopo yanayoongeza idadi ya vinyweleo, yakiwemo ya mbarika. Hupaka unywele na kuupunguzia kukatika, na hilo ni jema, lakini kwa nywele nyembamba mafuta mazito na siagi ya shea huzilaza na kuzigandisha hadi zionekane haba pia. Nywele nyembamba zinafaa kupakwa povu la nywele au losheni ya majimaji. Nywele nene zilizo haba zinastahimili siagi bila kulala, ila zipakwe kwenye urefu wake, si kwenye ngozi.

Sasa nirudi kwenye mstari wa utosini uliopanuka. Ikiwa nywele zilikuwa nyingi na sasa njia inapanuka mwaka hadi mwaka, au ngozi imekuwa laini na inang'aa bila matundu ya vinyweleo, au inauma na kuwasha, usinunue chochote cha kufunika kabla ya kumwona daktari wa ngozi. Upo ugonjwa unaoanzia utosini na kuacha kovu, na vinyweleo vilivyokwisha kuwa kovu havioti tena. Hospitali ya KCMC mjini Moshi ina kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi, na hospitali kubwa za rufaa mara nyingi huwa na kliniki ya ngozi.

Kwa wengine wote, ukaguzi wa mwisho ni ule unaofanywa kabla ya kunyanyuka kwenye kiti cha msusi. Inua nyusi na ufumbe macho kwa nguvu. Ikiwa ngozi ya paji inavutwa, au vipele vyeupe vinatokea kwenye mashina, misuko ya mbele ifumuliwe siku hiyo hiyo na isukwe upya kwa kulegezwa, hata kama umekwisha kulipa. Rasta na krosheti zikae wiki 6 kwa nywele nyembamba na zisizidi wiki 8 kwa nywele nene.