Uzoefu wangu: mashine moja ya nje kwa vyumba vitatu, Kisasa, Dodoma

Mwezi Novemba mwaka juzi nilifunga viyoyozi katika nyumba yetu ya Kisasa kwa mfumo ambao mashine moja ya nje huhudumia vyumba kadhaa. Sebule ilipata mashine ya ndani ya Btu 12,000, na vyumba viwili vya kulala, cha mama yangu na cha watoto, vikapata Btu 9,000 kila kimoja. Ukuta wa nyuma haukuwa na nafasi ya mashine tatu za nje, kwa hiyo niliuchagua mfumo huu, na kwa uchaguzi huo sijajuta.

Mashine ya nje ni ya Btu 24,000, ilhali za ndani jumla yake ni 30,000. Huko si kupunjwa, kwa sababu watengenezaji huruhusu tofauti ya namna hiyo wakijua kwamba ni nadra vyumba vyote kuhitaji ubaridi kamili kwa wakati mmoja. Hata hivyo, saa tisa alasiri ya Novemba, vyumba vyote vikiwa vimewashwa, kompresa moja hugawa kilichopo: kwa hesabu ya sawasawa, sebule hubaki na Btu 9,600 na kila chumba cha kulala 7,200. Ukizima sebule, vyumba vya kulala hupoa haraka zaidi. Hilo ni la kawaida, na fundi alinieleza kabla sijalipa.

Lisilokuwa la kawaida lilianza usiku wa kwanza. Mama, ambaye hapendi baridi, aliweka rimoti yake nyuzi 26, na watoto wakaweka 22. Asubuhi akaniambia, "Mwanangu, nimelala na mablanketi mawili, na hiki kidude hakinisikii." Watoto nao walikuwa wameamka na jasho. Usiku uliofuata mama alizima kiyoyozi chake kabisa, na chumba cha watoto hakikupata ubaridi hata kidogo; feni yao ilipuliza hewa ya kawaida usiku kucha. Nilidhani gesi ni pungufu, lakini gesi ikipungua huathiri vyumba vyote, na sebule ilikuwa inapoa vizuri.

Katikati ya Desemba, mvua zilipoanza, maji yalianza kudondoka kutoka kwenye mashine ya mama iliyokuwa imezimwa. Nilipofungua kifuniko cha mbele nikakuta koili imefunikwa barafu nyeupe, unene wa kama ukucha, kuanzia pale bomba linapoingilia. Novemba hewa ya Dodoma ni kavu mno, ndiyo maana maji hayakuonekana mapema. Unyevu ulipokuja, kosa likajitokeza.

Fundi wa pili alilitambua kabla hajafungua chochote. Katika mfumo huu wa nyumbani, vali zinazoruhusu gesi kwenda kila chumba zimo ndani ya mashine ya nje, na kila vali huamriwa kwa waya wa chumba chake. "Mama, mabomba yako sawa, nyaya ndizo zimepishana," aliniambia. Watoto walipotaka ubaridi, vali iliyofunguka ilikuwa ya bibi yao. Kwa kuwa chumba chao hakikupoa, waliendelea kuudai, na bibi akaendelea kuganda. Chumba chake kilipofika chini ya nyuzi 26, mashine yake ilifunga vali, lakini ya watoto. Alipozima, feni yake ilisimama huku gesi baridi ikiendelea kupita kwenye koili, na barafu ikajijenga.

Jaribio lake lilikuwa jepesi. Alizima vyumba vyote, akasubiri, kisha akawasha cha watoto peke yake kwa nyuzi 18 na kwenda nje kugusa mabomba. Baada ya dakika kumi, bomba la chumba cha mama lilikuwa baridi lenye matone, na la watoto lilikuwa vuguvugu. Alikata umeme kwenye swichi kuu, akasubiri chaji iliyobaki iishe, akabadilishana nyaya za A na B, yaani za vyumba viwili vya kulala, akarudia jaribio kwa kila chumba. Mabomba hayakuguswa, kwa hiyo hakuna gesi iliyopotea.

Kwenye mifumo mikubwa ya maofisini vali huwa ndani ya kila mashine ya chumba, kwa hiyo kosa hili halitokei kwa namna hiyo. Kizuizi kingine, ambacho si kosa la mtu, nilikiona Julai: mama alipowasha joto alfajiri, sebule haikuweza kupoza, kwa kuwa mfumo wa aina yangu hufanya kazi moja tu kwa wakati mmoja, na aliyetangulia ndiye anayefuatwa.

Mashine naipa nyota nne kati ya tano. Ufungaji wa kwanza naupa mbili, kwa kuwa fundi aliwasha vyumba vyote kwa pamoja, akaona vyote vinapuliza baridi, akakusanya vifaa vyake na kuondoka.