Pedi za Breki kwa Gari Dogo: Aina Tano kwa Mpangilio wa Ubora, na Maneno ya Fundi Kabla ya Kwenda Dukani

Mteja anayeomba pedi za mbele za Toyota IST katika maduka ya spea ya Gerezani, Dar es Salaam, huwekewa juu ya kaunta maboksi matatu au manne yenye bei zinazopishana sana, kisha huulizwa kama anataka orijino au ya kawaida. Ni vigumu kulijibu swali hilo kama hujaziona pedi unazozitoa, kwa sababu namna zilivyoliwa ndiyo inayoonyesha kama unahitaji pedi bora zaidi au unahitaji kalipa, kifaa kinachozibana pedi kwenye diski, isafishwe tu. Kwa hiyo, kabla ya kupanga aina za pedi, nimeandika maneno ambayo fundi anaweza kuyatumia gereji mbele ya mwenye gari, akiwa na tochi, njiti za kiberiti na gurudumu lililofunguliwa. Nimechukua mfano wa gari moja la mwalimu mmoja, aliyelileta kwa sababu lilipiga kelele upande wa kushoto.

Gari lilisimamishwa mahali tambarare, magurudumu ya nyuma yakawekewa vizuizi, nati zikalegezwa kwa spana ya 21 kabla ya kupandisha jeki, na stendi ikawekwa chini ya gari kabla ya mtu yeyote kuingiza mkono. Gurudumu likatoka, na fundi akaanza kueleza.

"Mwalimu, tazama hapa ndani ya kalipa. Hiki kipande cha chuma cha nyuma si pedi, ni bamba linaloishikilia. Pedi yenyewe ni hii nyama nyeusi iliyo kati ya bamba na diski. Nikipima, napima nyama peke yake."

Maneno hayo yasirukwe, kwa kuwa bamba lina unene wa milimita kadhaa na wenye magari wengi hulihesabu pamoja na nyama, wakaondoka wakiamini kwamba pedi bado ipo nusu. Baada ya hapo fundi huchukua kipimo chake, ambacho ni njiti ya kawaida ya kiberiti yenye unene wa takriban milimita 2.

"Pedi mpya ya gari kama hili ina nyama ya milimita 10 hivi, yaani njiti tano zikipangwa pamoja. Ikibaki njiti moja na nusu, tunanunua nyingine. Ikibaki njiti moja, gari halitoki hapa bila pedi mpya. Sasa shika njiti mwenyewe, uiweke hapa."

Mwalimu alipima pedi ya nje, zikaingia njiti tatu, akauliza kelele inatoka wapi kama pedi bado nene. Hapo ndipo uchunguzi wa haraka, ule wa kuchungulia katikati ya rimu bila kufungua gurudumu, unapomdanganya mtu, kwa sababu huonyesha pedi ya nje pekee. Kalipa ya gari kama hili ina pistoni moja upande wa ndani. Pistoni husukuma pedi ya ndani kwanza, kisha kalipa nzima huteleza juu ya pini zake mbili na kuivuta pedi ya nje ibane diski. Pini zikikauka, kalipa haitelezi, na kazi yote inaiangukia pedi ya ndani.

"Sasa naifungua kalipa na kuining'iniza kwa waya, isije ikaning'inia kwenye mpira wake wa mafuta. Hii ndiyo pedi ya ndani. Weka njiti. Umeona? Njiti moja, tena kwa shida. Na hiki kibati kilichokunjwa pembeni ndicho kilichokuwa kinalia, kwa sababu nyama imepungua hadi kikaanza kugusa diski. Kazi yake ni kukuita uje gereji."

Kilio hicho chembamba hutofautiana na mkwaruzo mzito unaosikika, na wakati mwingine unaohisiwa mguuni, nyama inapokwisha kabisa na bamba la chuma kuanza kusaga diski. Anayefika na mkwaruzo atanunua diski pamoja na pedi. Gari la mwalimu lilikuwa bado kwenye kilio, na ukucha ulipopitishwa juu ya uso wa diski haukunasa kwenye mifereji. Diski ilipimwa pia unene, ikalinganishwa na kiwango cha chini kilichogongwa kwenye chuma chake, ikaonekana bado inafaa.

Kisha fundi alishika pini za kalipa kwa vidole. Ya juu iliteleza, ya chini iligoma hadi ikazungushwa kwa spana, ikatoka na kutu na grisi iliyoganda. Upande wa kulia pedi zote mbili zilikuwa na njiti tatu kila moja. Hesabu hiyo ilitosha kuonyesha kwamba pedi za zamani hazikuwa mbovu, na kwamba kama mwalimu angenunua boksi ghali kuliko yote na kulifunga juu ya pini ileile, pedi ya ndani ya kushoto ingekwisha mapema vilevile.

Kwa hiyo kitu cha kwanza kwenye orodha yake ya manunuzi kilikuwa grisi maalumu ya breki, isiyo ya mafuta ya petroli, pamoja na mipira mipya ya pini. Grisi ya beringi haifai hapa, kwa kuwa huvimbisha mipira hiyo na pini hukwama tena. Cha pili kilikuwa boksi la pedi nne, kwa sababu pedi hubadilishwa magurudumu yote mawili ya mbele kwa pamoja, hata kama upande mmoja bado una nyama, la sivyo gari huvuta upande mmoja linapofunga breki.

Sasa nije kwenye mpangilio wenyewe, ambao ni kwa ajili ya gari dogo la matumizi ya mjini na safari za hapa na pale.

Nafasi ya kwanza naipa pedi ya mtengenezaji wa breki anayejulikana, iliyo katika boksi lake mwenyewe. Akebono na Advics, kwa mfano, ni kampuni za Japani zinazotengeneza breki kwa ajili ya viwanda vya magari, Toyota ikiwamo. Mnunuzi hupata kazi inayokaribiana sana na ya kiwandani bila kulipia jina la gari lililoandikwa juu ya boksi. Kwa mwalimu nilipendekeza hii.

Ya pili ni pedi yenye boksi la kampuni ya gari. Kwa ubora haina shida yoyote, na kama inatoka kwa wakala rasmi ningeiweka ya kwanza bila kusita. Nimeishusha kwa sababu boksi hilo ndilo lenye faida kubwa kwa mwenye kuliiga, na mnunuzi wa kaunta hana njia rahisi ya kutofautisha. Kwa pedi za mbele za Toyota namba ya spea huanza na 04465, na za nyuma huanza na 04466. Muuzaji akikupa boksi lenye namba ya nyuma akasema ni za mbele, ondoka. Namba sahihi, hata hivyo, haithibitishi kuwa pedi si feki, maana namba nayo huchapishwa.

Ya tatu ni pedi ya seramiki. Haitoi vumbi jeusi jingi, haina kelele, na kwa mwendo wa mjini ni tulivu sana. Bei yake huwa juu, na kwa gari dogo lisilobeba mzigo sioni kama tofauti hiyo inalipa, isipokuwa kwa mtu anayechukizwa na rimu chafu.

Ya nne ni pedi yenye mchanganyiko mwingi wa chuma. Huvumilia joto vizuri, lakini hupiga kelele zaidi na hula diski haraka. Kwa anayeteremka mlima Kitonga mara kwa mara akiwa na abiria na mizigo, ningeipandisha hadi ya kwanza. Mtu huyo pia asome herufi mbili zilizochapishwa nyuma ya bamba, kwa mfano EE, FE au FF. Herufi ya kwanza inaeleza mshiko wa pedi katika joto la kawaida, ya pili inaeleza mshiko ikiwa imepata moto sana, na F inashika kuliko E. Pedi ya FE hupoteza mshiko inapochemka, yaani katikati ya mteremko, wakati inapohitajika kuliko wakati wowote.

Ya tano na ya mwisho ni pedi ya mtumba iliyotolewa kwenye gari lililokatwa. Wauzaji huisifu kwa kuwa ni ya Japani, na huenda ni kweli, lakini tuipime kwa njiti. Pedi mpya ya milimita 10 inayobadilishwa ikifika 3 inakupa milimita 7 za kutumia. Ya mtumba yenye milimita 6 inakupa 3 tu. Ukiinunua kwa nusu ya bei ya mpya, kila milimita umeilipia zaidi, na hujui kama iliwahi kuungua au kulowa mafuta.

Pedi isiyo na jina wala herufi nyuma ya bamba sikuipa nafasi. Nyingi za namna hiyo hazina hata kile kibati cha kulia, kwa hiyo mwenye gari hapati onyo hadi chuma kisage diski.

Dukani, mpe muuzaji namba ya chasisi na uende na pedi ya zamani mkononi. Laza mpya juu yake, bamba kwa bamba, na masikio ya pande zote mbili yalingane. Tazama ubavuni kama nyama imeshikana na bamba bila mwanya na bila kumeguka kwenye kona.

Jambo la mwisho fundi alimwonyesha mwalimu akiwa amefungua boneti.

"Mafuta ya breki yameshuka karibu na alama ya chini, lakini usiyaongeze sasa. Pedi zikiliwa pistoni hutoka nje, na mafuta huifuata. Nikiirudisha pistoni ndani ili pedi mpya ziingie, mafuta yatapanda yenyewe. Ukiwa umejaza, yatamwagika na kuharibu rangi ya gari. Nikimaliza, kanyaga pedali mara kadhaa kabla ya kuwasha gari. Mara za kwanza itazama hadi chini, hiyo ni kawaida. Ikiwa ngumu, ndipo tutoke."

Pistoni iliporudishwa, mafuta yalipanda hadi chini kidogo ya alama ya juu, bila kuongezwa hata tone.